Usingizi wa Adhuhuri Chini ya Nyasi

Baba yangu ni fundi wa kuezeka, na kila paa alilomaliza maishani mwake alilipima kwa usingizi. Akishasali adhuhuri, jua likiwa utosini, aliingia ndani ya nyumba mpya, akafunga mlango na madirisha, akajilaza chali sakafuni. Kwanza alitafuta kwa macho tundu lolote linalopenyeza mwanga. Asipoliona, alifumba macho na kungoja. Akikoroma, paa limekubali. Kazi ya kumwamsha ilikuwa ya mwenye nyumba, na wengi walimwonea haya wakamwacha alale mpaka alasiri.

Basi fikiria nilivyoduwaa siku niliyorudi Matondoni kutoka Shela, ninakofanya kazi kwenye nyumba ya wageni, nikakuta mabati kumi yamepangwa ukutani kwetu, yanang'aa mpaka kuku wanayakimbia.

"Ya nani haya?"

"Yangu, ya kuanzia," baba akasema. "Nyasi basi. Zimenichosha."

Sisi Matondoni tumezoea makuti ya mnazi. Baba ndiye aliyekuja na nyasi, kwa sababu alizaliwa ng'ambo ya kisiwa chetu, bara, na huko ndiko alikofunzwa kazi. Makuti huyafunga pia, tena kwa ustadi, lakini nyumba yake mwenyewe hajaiezeka ila kwa nyasi. Paa lililokuwa juu yetu siku hiyo aliliezeka mwaka niliomzaa kifungua mimba wangu, ambaye sasa yuko darasa la saba. Katika muda huo majirani wa makuti walikuwa wameshabadilisha mara mbili. Lakini kweli lilikuwa limechoka. Mgongo wa paa, pale juu kabisa pande mbili zinapokutana, ulikuwa umeoza, na mvua ikinyesha mama alikuwa anatandaza sufuria chumbani kana kwamba anaandaa karamu.

Mimi nina ulimi mwepesi na hasira za karibu. Nikamwambia baba kwamba huko Shela wageni wanavuka bahari ili walale chini ya paa la asili, na yeye mwenye ufundi wake anataka kujifungia ndani ya kikaango.

"Mgeni hulala siku tatu," akanijibu. "Panya hamjui. Mchwa hamjui. Kila kiangazi mwenye nyumba apande yuu kutia nyasi mpya mgongoni, hayui hilo pia. Bati ukilipigilia, umekwenda zako. Na moto? Umesahau moto?"

Sikuwa nimesahau. Nilipokuwa mdogo, cheche ya kuni iliruka jikoni ikashika nyasi. Ninachokumbuka ni jinsi mambo yalivyokuwa upesi: mama hakuwahi hata kumaliza kusema "moto". Jiko lilikuwa mbali kidogo na nyumba, na upepo siku hiyo ulikuwa unaelekea baharini, ndiyo maana tulibaki na nyumba. Kwa hoja hiyo alinifunga mdomo, na mimi sifungwi mdomo kwa urahisi.

Kwa hiyo nikaanza kumchunguza.

Jirani yetu mmoja alikuwa amemaliza nyumba ya bati mwezi huohuo. Baba akaenda kuipima, kama ada yake, nami nikamfuata nikijifanya napeleka bakuli la watu. Akaingia, akafunga mlango, akalala chali. Sikuhesabu dakika, lakini hazikufika za kuchemsha chai. Akatoka shati limemganda mgongoni, jasho linamtiririka mpaka kwenye ndevu.

"Waonaje, fundi?" jirani akauliza.

"Nyumba nzuri," baba akasema, akajipangusa kwa kofia yake. "Nzuri sana. Haivuji."

Kabla ya siku hiyo sikuwa nimewahi kumsikia baba yangu akisema uongo juu ya paa. Nikarudi nyumbani mbio kumuuliza mama kuna nini.

Mama alikuwa anachagua mchele. Akacheka kwanza, kisha akaacha kucheka.

"Babako goti limemfa," akasema. "Alipanda kuutengeneza mgongo wa paa, ngazi ikamponyoka mguuni. Alianguka juu ya nyasi zake mwenyewe, alhamdulillahi. Akaniapisha nisimwambie mtu. Nami namwambia kila siku, mficha uchi hazai."

"Si amwite fundi mwingine?"

"Fundi mwingine!" Mama akanitazama kama niliyesema tule nguruwe. "Kinyozi hajinyoi, lakini babako siku zote amejinyoa. Paa lake halijafungwa na mkono wa mtu. Kuliko aone mtu kapanda pale, heri alale ndani ya jua lenyewe."

Niliumia, nisiseme uongo. Nilimwona baba barazani akiyatazama yale mabati, mzee aliyelaza mji mzima usingizi mzuri, sasa anajiandaa kutolala mwenyewe kwa ajili ya goti. Yeye na mama, na joto la Februari! Hasira zikanipanda, safari hii zikiwa na kazi ya kufanya.

Nikaenda nikakaa karibu naye.

"Baba, paa lako halifungwi na mkono wa mtu?"

Akajua mama amesema. "Halifungwi."

"Na mkono wangu huu umetoka wapi?"

Akanitazama. Akautazama mkono. Akasema mwanamke hapandi juu ya paa, watu watasema nini. Nikamwambia watu wa Matondoni watasema tu hata nikikaa chini. Akasema sijui kazi. Nikamwambia nimeshika ngazi yake tangu nina miaka saba, na yeye atakuwepo kunitukana. Hilo la kunitukana naona ndilo lililomlainisha.

"Jikoni bati," akasema hatimaye.

"Jikoni bati," nikakubali. Na hapo alikuwa na haki. Mabati kumi yalitosha jiko, yakabaki ya choo. Tuliyapigilia kwa siku moja, na chini yake tukatia mfereji wa kupeleka maji ya mvua kwenye tangi, kwa kuwa maji yanayotoka kwenye nyasi yana rangi ya chai na mama hayataki. Baba akatuonya tupake rangi vichwa vya misumari, maana chumvi ya pwani huanza kulila bati kwenye matundu ya misumari, na bati jembamba huku kwetu huzeeka kabla ya mwenyewe.

Nikaomba likizo kazini. Nyasi zilikuja na mashua kutoka bara, zimekatwa zikiwa kavu, zimekwisha kutoa mbegu. Tukalibomoa paa la zamani, na vumbi lililotoka sitalisahau. Boriti na fito, yaani zile fimbo za kulala zinazofungiwa nyasi, zilikuwa nzima isipokuwa chache. Baba akaenda akizigonga moja moja kwa bakora kusikia kama mchwa wamo.

Kuezeka nyasi ni kazi ya watu wawili. Wa nje anapanga matita, mashina yakielekea chini, akianzia ukingoni na kupanda. Kisha anachoma sindano ndefu ya mti yenye kamba. Wa ndani anaipokea, anaizungusha kwenye ufito, anairudisha nje, na wa nje anakaza. Miaka yote wa ndani alikuwa mama. Sasa baba akasimama ndani, juu ya meza, mahali pa mama, na mimi nikapanda juu kwa suruali ndani ya dera, mtandio nimeufunga kichwani kama baharia.

Mama aliweka kiti mlangoni ili asikose kitu.

"Lo!" baba akapiga kelele sindano ya kwanza ilipoingia, akifikicha macho. "Mato yangu! Vumbi hili lote?"

"Hilohilo," mama akasema. "Nimelila nusu ya umri wangu. Karibu."

Alicheka mpaka akalazimika kushika mlango. Wanawake wa mtaani wakaja kutazama mwanamke aliye juu ya paa, wakaketi na mama, mmoja akaleta kahawa na mwingine visheti. Nilipigiwa vigelegele nikiwa nimeng'ata kamba. Mzee mmoja aliyekuwa anapita na punda wake akasimama akauliza kama dunia imekwisha. Mama akamwambia bado, subiri tufike mgongoni.

Baba alikuwa hanioni, lakini kila kosa langu alilijua kwa mkono. Kamba ikifika kwake imelegea, aliivuta mara mbili, nami nikajua nirudie. "Nyembamba hapo! Maji yatakaa! Piga ubao!" Nikachukua ubao nikazigonga nyasi zipande zikae sawa, maana paa la nyasi linataka unene na mteremko mkali ili maji yasipate nafasi ya kutulia. Siku ya kwanza alivuta mara mbili karibu kila mshono. Mikono ilinitoka malengelenge, na nilimnung'unikia kwa sauti ya chini. Akasikia, akanijibu kwa sauti ya juu. Siku ya tatu alianza kuvuta mara moja tu, ndiyo kusema endelea. Hakuna sifa iliyowahi kunifurahisha kama ule mvuto mmoja. Nilikuwa nachoma sindano, naingoja irudi kutoka gizani, inarudi na joto la kiganja chake.

Siku ya saba tulifunga mgongo. Nikashuka kama niliyepigwa, nikaoga, nikasali. Kisha tukasimama wote watatu mlangoni.

"Haya baba, ingia ukapime," nikasema. Asipolala, nilijua atasema "nzuri, haivuji", na usiku huohuo ataanza kuuliza bei ya mabati.

Hakusogea.

"Anayelala ni fundi," akasema. "Ingia wewe."

Niliingia, nikafunga mlango na madirisha, nikajilaza chali juu ya mkeka. Nje jua lilikuwa kali kiasi cha kuangua vifaranga. Ndani kulikuwa na ubaridi na harufu ya shamba. Nikalitafuta tundu, nikaliona moja, dogo, karibu na mgongo. Usingizi haukuja. Utakujaje, nami nimeitwa fundi?

Mlango ukafunguka, ukafungwa. Baba akaja akijikongoja, akalala kando yangu huku goti likitoa mlio.

"Nimekuja kukufunza kulala," akasema. "Hata hilo huyui."

"Pana tundu, baba. Pale yuu."

"Nimeliona. Kesho fundi atalitengeneza."

Alivuta pumzi mara tatu au nne. Nilikuwa nataka kumwambia kitu, nikageuza uso, na kumbe mdomo umeshafunguka na ndevu zinapanda na kushuka. Akakoroma. Akakoroma kwa nguvu hata nikamsikia mama nje akipiga makofi na kuwaambia majirani waliokuja kutazama, "Hilo! Hilo mwalisikia?"

Nililala pale macho wazi, ninacheka na machozi yananiingia masikioni. Hatukumwamsha mpaka alasiri.