Shazia la Mwewe

Juzi mjukuu wangu alinipandisha bajaji akanipeleka kule tulikokaa zamani, pembeni ya mji wa Tabora, kando ya ile njia ya misafara iendayo Ujiji. Nilitaka kuuona uwanja wetu. Umemwagwa saruji, mwenzangu, mpaka ukutani. Kuku mmoja alikuwa akichakura juu ya saruji hiyo. Mguu huu, mguu huu, anarudi nyuma kidogo, anainamisha kichwa na kutazama kwa jicho moja. Hakuna kitu. Mjukuu akacheka, akaniuliza, "Bibi, huyu anatafuta nini hapo?" Nikamwambia sijui. Uongo. Uso ulipata moto, mzee mzima mimi, nikajifanya najifunga khanga upya.

Wewe nitakwambia, maana hunioni.

Sisi tulikuwa wageni pale. Baba alifanya kazi kwenye gengi la reli, huko njia ya Kigoma, akija nyumbani mara moja moja. Mama alitoka Igunga na Kiswahili chake kilikuwa na Kisukuma ndani, wenzake wakimcheka. Hatukuwa na kinu wala chekeche. Ukiacha ungo mmoja, kila kitu tuliazima, na aliyetuazima zaidi ya wote alikuwa jirani yetu, Bibi Nyamizi.

Bibi huyo alikuwa na shazia, ile sindano kubwa ya kushonea magunia. Baba yake alikuwa mpagazi, akibeba mizigo mpaka pwani, na shazia alirudi nalo kutoka huko. Lilikuwa limelainika kwa mikono ya watu. Msimu wa karanga mama aliliazima ashone magunia yetu kwa kamba ya katani kabla gari la mnunuzi halijafika. Gari likaja, likapakia, likaondoka. Shazia halikuonekana tena.

Mama hakwenda kusema. Bibi naye hakuja kuuliza. Kwetu mtu mzima hadaiwi kitu mbele ya watu kama mtoto. Anatumiwa hadithi, na anayeibeba ni mtoto wake.

Jioni tulikuwa tunakusanyika kwa Bibi, watoto wa majirani wote, kumenya karanga za mbegu. Nawakumbuka mmoja mmoja: Tatu binti wa fundi baiskeli, Maganga, Zuhura, pacha wawili Kulwa na Doto. Harufu ya moshi, vidole vyekundu kwa udongo. Bibi aliwajua sana watoto. Ukiwaacha kimya wanakula mbegu. Kwa hiyo hadithi zake zote zilikuwa na mahali pa kuitikia, mdomo usipate nafasi. Na mikono ikisimama, hadithi nayo inasimama.

Jioni moja, shazia likiwa limeshapotea, aligonga sufuria kwa mwiko. "Mpo?"

"Tupo!"

"Na masikio?"

"Yapo!"

Akaanza. Mwewe na kuku walikuwa mashoga. Kuku akaalikwa harusi, na bawa lake limechanika. Mwewe ndiye mwenye shazia. Akamwambia, shona shoga yangu, ila nirudishie kabla jua halijazama, kwa kuwa mimi nisiposhona mbawa zangu siruki. Kuku akashona, akapendeza. Akalichomeka shazia ardhini karibu na kinu, akaenda kujitazama kwenye maji ya mtungi. Vifaranga wakaja kucheza palepale, vumbi likaruka. Kurudi, halipo!

Hapo Bibi aliweka mikono yake miwili chini, akachakura mbele yetu kama kuku kabisa, akirudisha mchanga nyuma, kisha akageuza shingo na kuchungulia kwa jicho moja. "Amelipata?"

"Hajalipata!"

Akachakura tena. "Amelipata?"

"Hajalipata!"

Mwewe akaja jioni. Shazia langu? Kuku akasema, kesho. Kesho yake akaja. Kuku akasema, kesho. Mwewe akachoka. "Basi mpaka utakapoliona, nitakuwa nachukua mwanao mmoja mmoja." Ndiyo maana kuku hachoki kuchakura. Na kivuli cha mwewe kikipita uwanjani, anapiga kelele na kuwaita watoto waingie chini ya mbawa. Anajua kinachodaiwa.

Bibi alipokuwa akisema hayo hakunitazama. Alitazama beseni. Lakini Tatu alikuwa na akili ya haraka.

"Bibi, kwani lile shazia lako limesharudi?"

"Mimi nasimulia habari za kuku. Menya karanga."

"Kumbe Mama Kalunde ni kuku!" Tatu akasema. "Na Kalunde kifaranga!"

Wakacheka mpaka Doto akapaliwa. Mimi ndiye Kalunde. Nilimenya karanga sioni ninachomenya.

Nyumbani mama aliniuliza kama kawaida, "Bibi kawapa hadithi gani leo?" Nikamsimulia yote. Alikuwa anasonga ugali. Mwiko ulikwenda polepole, kisha akasema tule.

Asubuhi nilimkuta uwanjani amepiga magoti mahali tuliposhonea magunia, anachambua vumbi kwa vidole. Tulikuwa karibu na njia. Watoto wanakwenda shule, na mmoja akaita kwa sauti ya Bibi, "Amelipata?" Wenzake wakajibu njia nzima, "Hajalipata!" Mama hakuinua kichwa. Mchana alikwenda kuomba kinu kwa Mama Zuhura, akaambiwa leo kina kazi. Kwingine chekeche nalo lina kazi. Ndipo nilipoelewa hatari yake. Mtu asiyeazimwa pale alikuwa hawezi kuishi.

Jioni yake tumekaa kwa Bibi, mama akatokea.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, Mama Kalunde. Kigoda kile pale."

"Nitakaa hapahapa na wenzangu."

Akakaa mkekani, mtu mzima katikati ya watoto, akachukua karanga na kuanza kumenya. Tatu alinifinya. Nilitamani ardhi inimeze. Nilimwonea haya mama yangu, Kiswahili chake, magoti yake yenye vumbi.

"Leo naomba nisimulie mie," akasema. "Mpo?"

Tulijibu wachache, tena kwa kunong'ona.

"Yule kuku aliamka akaenda mwenyewe kwa mwewe. Akamwambia, shoga, limepotea. Nimechambua vumbi lote. Nafikiri nililiacha limechomekwa guniani na gari limeondoka nalo. Nilikuwa nasema kesho kwa sababu naogopa. Sasa sina kesho nyingine. Nidai mimi, shoga. Ila wanangu wakipita njiani, waache wapite."

Nilimtazama Bibi Nyamizi. Mikono yake ilikuwa imesimama. Yeye ambaye hakuruhusu mikono isimame. Alitutazama sisi watoto, akamtazama mama, akainamisha macho. Haya niliyokuwa nayo niliiona imehamia usoni kwake, na mzee akiona haya hakuna mtoto anayejua aangalie wapi.

"Nendeni mkalale," akasema. Jua lilikuwa bado halijazama vizuri.

Asubuhi, saa ambayo wanawake wote wako nje wanafagia, Bibi alisimama katikati ya njia akapaza sauti. "Mama Kalunde! Hodi! Nakuomba uniazime ungo wako, sina pa kupepetea!"

Alikuwa na nyungo ukutani kwake, nzuri, nazijua. Wetu ulikuwa mkuukuu, umezibwa kwa kitambaa. Mama aliukung'uta, akautoa kwa mikono miwili. Bibi akaupokea kwa mikono miwili, akapita nao nyumba kwa nyumba, taratibu, kila mtu auone. Mchana Mama Zuhura alimtuma mwanawe kutuletea kinu.

Hadithi ile Bibi hakuisimulia tena, wala sisi hatukuthubutu. Siku hizi kila nyumba pale ina geti na kila mtu ana ungo wake. Nikisimama njiani nikaita niazimwe, watadhani nimefilisika au nimechanganyikiwa, na watatoka wanipe hela.