Pesa za Mchezo Kwenye Simu ya Mama wa Dagaa

Mama mmoja muuza dagaa wa soko la Mwaloni aliandika kwenye fomu ya mkopo kwamba anapata laki nane kwa mwezi. Mimi, ofisa mikopo, nikakagua taarifa ya miamala ya simu yake. Kila Jumamosi pesa ziliingia kutoka kwa wanawake walewale, na jioni zote zilitumwa kwa mmoja wao.

"Hizo ni za mchezo wetu wa kupeana, mwanangu. Mimi nazikusanya tu."

"Na mauzo yako, mama?"

"Wateja wengi wananilipa mkononi."

Nilimwamini, lakini utaratibu wetu ulikataa pesa za wengine na taslimu isiyo na kumbukumbu. Kwenye kipato chake ikabaki laki mbili, zile za wateja wachache waliolipa kwa simu. Nikapunguza mkopo. Alisaini bila kunitazama, nami nilishinda na hasira nisiyojua pa kuipeleka.