Chipsi za Zipora kwenye Afishi

Zipora wa Minago hakuwa mtu wa kuchezewa. Alikulia kambi ya wakimbizi Tanzania, na aliyekulia kambini hujifunza mapema kuchunguza mdomo wa anayesema. Lakini mtu akitaka kitu sana, masikio yake humsaliti.

Alichotaka ni nafasi kwenye rafu za Madamu Émérance, mwenye duka kubwa karibu na stendi ya Rumonge. Zipora alikaanga chipsi. Si zile za moto za kuliwa na mayai, maana hizo hapa huitwa frite. Zake zilikuwa nyembamba, kavu, zinazolia mdomoni. Kwenye mafuta meupe alitia kijiko cha mawese, nazo zikatoka na wekundu ambao hukuti kwa mwingine. Alizifunga kwenye mifuko ya plastiki kwa moto wa mshumaa na kuziuza kwenye beseni, pale barazani kwa Madamu. Ndani ya duka hazikuwahi kuingia.

Siku moja Madamu akamwita. “Zipora, natengenezesha afishi ya kubandika mulangoni. Chips zako ndizo zitakuwa mu picha. Leta zile nzuri kabisa.”

Zipora alishukuru, murakoze juu ya murakoze, mpaka akaona haya. Alirudi Minago akakaanga viazi vya kutosha harusi, akachambua. Yoyote yenye ufa ilirudi kwenye beseni.

Picha ilipigwa kwa Samy, kijana wa Uvira anayewapiga watu wa stendi picha za paspoti. Alikuwa amebandika karatasi kubwa ya njano ukutani, akaiteremsha mpaka mezani bila kuikunja, ili isionekane ukuta unaishia wapi. Mwanga uliingia mlangoni, na upande wa pili akasimamisha ubao mweupe kupunguza kivuli. Kisha akachukua sashe, mfuko mtupu wa chipsi za dukani, akaigeuza nje ndani ikabaki rangi ya fedha, akaijaza magazeti ipate tumbo.

“Na jina langu?” Zipora akauliza.

“Jina linawekwa kwa ordinateri, kwa kompyuta, mama. Picha kwanza.”

Samy alipanga chipsi mojamoja kwa koleo dogo, za mdomoni mwa sashe akazishikiza kwa gundi, ili zionekane zimemwagika. Zipora alicheka. Kwao kitu kikimwagika hakiombi ruhusa. Alifuta kila moja kwa kitambaa ili mafuta yasitie doa karatasi, na mbele kabisa akaweka ile aliyoipenda, iliyojikunja kama sikio.

“Liandike kubwa, kaka Samy. Zipora.”

Samy aliinamia kamera, akapiga. Alikuwa anajua, mshenzi yule.

Afishi ilipobandikwa, Zipora aliiona tangu ng'ambo ya barabara. Njano ile ilikuwa inawaka. Chipsi zilikuwa zake, wekundu wake, sikio lake mbele. Lakini sashe ilikuwa ya buluu, na juu yake limeandikwa jina la chipsi zinazoletwa na lori kutoka mbali. Akaingia dukani na beseni kichwani.

“Patrone, sashe yangu iko wapi?”

Madamu Émérance hakuacha kupanga sabuni. “Nilisema chips zako. Sashe sikusema.”

“Kwa nini hamkupiga za hao wa lori?”

“Za kwao zinafika zimevunjika. Nani atatamani makombo?” Akamtazama sasa, bila hasira, na hilo ndilo lililouma zaidi. “Na beseni yako isikae tena barazani. Watu watasema unaiga bidhaa yangu.”

Zipora akahamia ng'ambo ya barabara, akiitazama njano ile siku nzima. Speciosa, anayeimba naye kwaya, akaja kununua. Akatoa chipsi moja kwenye mfuko alionunua, akailinganisha na picha, macho huku na kule.

“Weh! Umewaiga vizuri mno, dada. Hata rangi.”

“Si kuiga. Zile ni zangu. Ile iliyojikunja nimeikaanga mwenyewe, nimeiweka pale kwa mukono wangu.”

Speciosa alimwangalia kwa huruma, ile wanayoangaliwa wagonjwa wa kichwa. Kisha kicheko kikamtoka. Jioni hiyo kwaya nzima ilikuwa imeshajua kwamba Zipora anasema chipsi za viwandani, zile za lori, anazikaanga yeye Minago. Rumonge haikosi ulimi. Wakamwita Mama Afishi.

Alijaribu kulikataa jina hilo. Alimnunia huyu, akamsusia yule, lakini waliolipenda walizidi, na wengine walinunua kwake kwa sababu lilikuwa linachekesha. Siku hizi hata Madamu Émérance akitaka kitu cha kuwatafunisha wageni wake, humtuma mtu mpaka ng'ambo, maana za kwenye sashe ya buluu anajua zilivyo.

“Mama Afishi!” huyo aliyetumwa huita. “Patrone anataka zile nzima.”

“Karame,” Zipora huitika kwa Kirundi, na kuanza kuzichagua.