Alama Sabini za Mama wa Katumba

Kukagua tafsiri sikufundishwa na mtu. Nilijifunza kwenye simu, kwa sababu ofisi yetu ndogo hapa Mpanda ilipata mteja aliyetaka kila tafsiri ya Kirundi iende na alama za ubora. Bosi akanipa mimi nitengeneze vipimo. Nilifurahi kupita kiasi. Mimi ni mtu wa kufungua barua niliyokwisha kuituma, nikitafuta nukta iliyokosekana.

Nikagawa makosa mafungu manne: maana, istilahi, lugha, mtindo. Kosa dogo alama moja, kubwa tano, la hatari kumi. Zikizidi ishirini kwa maneno elfu moja, tafsiri imefeli. Mteja akakubali.

Tulianza na vijitabu viwili vya dawa za tumbaku, kila kimoja maneno kama elfu. Kimoja alikifasiri kijana aliyetoka chuoni. Aliruka sentensi nzima, ile inayokataza watu kuingia shambani siku ya kupiga dawa. Kosa la hatari: kumi. Akapita.

Cha pili alikifasiri mama mmoja wa Katumba, kwenye makazi ya waliotoka Burundi, mfasiri wetu wa siku nyingi. Hakuruka kitu. Ila bomba la kupulizia aliliita jina wanalolitumia wakulima wa kwao, si lile la orodha ya istilahi aliyotupa mteja. Istilahi nje ya orodha nilikuwa nimeiweka kosa kubwa, na nikahesabu kila lilipotokea. Mara kumi na nne. Sabini.

Niliona kabisa kwamba haiko sawa. Lakini niliogopa kwamba kubadili vipimo baada ya kuona majibu ni upendeleo. Nikairudisha ile sentensi ya kijana kabla ya kuchapa, alama nikaziacha, nikatuma. Kesho yake mteja akaandika mama asipewe tena kazi zake, na kazi zote za Kirundi tulizipata kwa mteja huyo.

Mama alikuja mwenyewe na pikipiki. Nikampa karatasi ya alama zake.

“Kumi na nne? Mwanangu, si neno ni lile lile?”

“Ndiyo, mama. Lilipaswa kuhesabiwa mara moja.”

“Aliyehesabu nani?”

“Mimi.”

Bosi akadakia kutoka mezani kwake, “Mama, usimlaumu. Vipimo havina ndugu.”

“Havina hata shamba,” mama akamjibu, bosi akacheka. Kisha mama akanigeukia. “Na mwenzangu wa kijitabu kile kingine, amepita?”

“Amepita.”

Niliandika vipimo upya: kosa linalojirudia lihesabiwe mara moja, kosa moja la hatari liangushe tafsiri nzima. Kwa vipimo hivyo mama anapita na kijana anafeli. Nilimwandikia mteja mara tatu. Akajibu mara moja tu, kwa upole, kwamba vipimo vipya vitaanza na mkataba ujao na alama za zamani hazifunguliwi.

Mama amenipigia jana kuuliza kama kuna kazi. Nikamwambia bado.