Picha ya Ashley Ukutani

Sista Tumu hakuwa mtu wa kubembeleza. Ukichelewa kliniki pale Kibokoni alikupa lako wazi, na mimi niliyekuwa nikipima watoto uzani nimekula maneno yake hadi nikazoea. Lakini kwa watoto mkono wake ulikuwa mwepesi, hilo simnyimi.

Ukutani tulikuwa na picha ya ukambi: mtoto wa kizungu, mwekundu kote. Nikisonya kila nikiipita. Hapa kwetu mzungu ataletwa na nani?

Mwaka wa tisini na tano akaja Chonga, mtoto wa miaka minne. Ukurutu wake tuliujua, ule mkavu wa kuwasha kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti. Safari hii alikuwa na homa, kikohozi na mafua, macho yamemwiva, na mamake amempaka liwa, ule uji wa msandali, uso mzima, kama tufanyavyo sote mtoto akiwashwa. Tumu akatazama picha, akamtazama Chonga, hakuona wekundu. Akasema ni ukurutu umerudi, na mafua juu yake. Chonga akangoja dawa kwenye benchi, ubavuni mwa Mirriam na mwanawe Ashley, wa miezi sita, ambaye umri wa chanjo ya ukambi haujamfika.

Baada ya siku mbili Chonga akarudishwa, ameoshwa liwa. Tumu akapitisha vidole nyuma ya masikio, usoni, kifuani. Vipele vilikuwa tele, vyeusi kidogo kuliko ngozi, vinakwaruza kidole kama mchanga. Tumu akakaa chini. Alimkumbuka Ashley, nami nikamkumbuka.

Wiki iliyofuata Ashley akashikwa na homa, kisha vipele vikatoka. Tumu akampa matone ya vitamini A, akaagiza gari ya hospitali. Tukiingoja, akamwita Gharib, mpiga picha wa Bondeni, tupate picha ya ukambi kwenye ngozi kama yetu. Akina mama wengine walikuwa wamekataa wana wao wapigwe picha, wakihofia jicho la hasidi. Mirriam hakukataa.

“Mpigeni,” alisema. “Asije mwana wa mtu akakaa benchi ile tena.”

Gharib alipiga moja kwa taa ya kamera, moja kwa mwanga wa dirishani, kwa ubavu. Ya kwanza ilitoka laini, hakuna kipele. Ya pili kila kipele kilikuwa na kivuli chake.

Ashley alikufa kwa kifua. Roho iliniuma, inaniuma hadi leo.

Tumu aliing'oa ile ya mzungu, akatundika ya Ashley. Baadaye zikaongezwa ya choa, duara lenye ukingo wa magamba na katikati pamesafika, na ya ukurutu wa Chonga mwenyewe. Kila muuguzi mgeni aliambiwa aoshe liwa kwanza, aguse, aulize homa, atazame macho.

Siku moja Mirriam akaja, mikono mitupu.

“Sista, sina picha yake nyingine.”

Tumu akamwekea kiti mbele ya ukuta. Akatutoa sote nje, na foleni ikangoja.