Masta ya Gaudens, Fremu ya Clotilda

Gaudens alikuwa ofisa mikopo wa kampuni moja ndogo pale Posta, na kazi yake aliijua. Wafanyabiashara wa Kariakoo walimwogopa. Ukimwambia unatarajia kuuza milioni tano, anaandika mbili na nusu. "Matarajio hayalipi rejesho," alikuwa akisema, na wengi wetu tulitoka ofisini kwake tumenuna.

Mkewe, Clotilda, aliuza vitenge kwenye fremu ya duka iliyopakana na yangu, mtaa wa Msimbazi. Walitoka Rombo wakiwa vijana, wakalipia fremu ile kilemba, ile fedha anayopewa mpangaji anayetoka ili akuachie nafasi. Clotilda alikuwa na wateja kutoka Mtwara mpaka Tunduru.

Gaudens alipofika miaka arobaini na minane, kampuni ilitangaza kwamba mkuu wa mikopo atastaafu baada ya mwaka mmoja na nusu, na atakayeomba nafasi hiyo lazima awe na masta. Masomo ya jioni yangechukua miaka mitatu. Akaomba likizo bila malipo, asome kutwa.

Alikuja dukani kutupigia hesabu, mimi na mkewe, kalamu mkononi. Ada na vitabu, milioni kumi. Mshahara atakaoukosa miezi kumi na minane, kwa ule unaofika mkononi baada ya kodi na mfuko wa hifadhi ya jamii, milioni kumi na tisa. Jumla ishirini na tisa. Mkuu wa mikopo alimzidi mshahara kwa milioni moja na laki mbili, lakini baada ya makato ingebaki kama laki saba na nusu kwa mwezi.

"Miaka mitatu na kidogo fedha imerudi," alisema. "Hapo nina hamsini na tatu. Mpaka nistaafu sitini, yote ni faida."

"Na usipopewa, shemeji?" nikamuuliza.

Alicheka. "Mama Nurdin, pale ndani nani mwingine ana uzoefu wangu?"

Hesabu ilikuwa safi, ndiyo maana inaniuma mpaka leo. Mtu aliyekata nusu ya kila tarajio letu, la kwake hakulikata hata senti.

Akiba haikutosha. Clotilda akaachia fremu kwa kilemba cha milioni ishirini na nne. Siku ya kukabidhi alijifanya kufunga marobota huku akijipangusa macho kwa kona ya kanga. Nilimwambia, "Mama Rachel, kataa." Akanijibu, "Nitakuwa nimemzibia mume wangu njia." Nilikasirika, nikarudi dukani kwangu bila kumsaidia kubeba hata robota moja.

Milioni kumi zikaenda chuoni. Zilizobaki zililiwa na kodi ya nyumba, chakula na shule ya binti yao Rachel. Gaudens alisoma kwa bidii, hilo simnyimi, na alifaulu vizuri.

Akarudi kazini, akaomba nafasi. Waliomba watu sita, na wote walikuwa na masta. Akachukuliwa kijana kutoka nje, wa miaka thelathini na nne. Gaudens alipolalamika, waliomweleza hawakumtukana: masta ilikuwa sharti la kuomba, hakuna aliyemwahidi kupewa. Wakamwongeza laki moja kwenye mshahara, kama pongezi.

Siku hiyo alikatisha Mnazi Mmoja kwa miguu hadi mtaani kwetu. Clotilda alikuwa ametandika vitenge vyake chini, kwenye kibaraza, mbele ya fremu iliyokuwa yake. Ndani mlikuwa na mtu anauza simu. Kilemba cha fremu za safu yetu kilikuwa kimeshapita milioni arobaini.

Gaudens akachuchumaa, akamweleza mkewe yote. Kisha, kwa mazoea ya kazi yake, akaanza kupiga hesabu kwa sauti. Katika laki moja, baada ya makato, atabaki na elfu sitini na tatu. Milioni ishirini na tisa, gawanya.

"Miaka thelathini na minane," akasema.

Nilitaka kumsema, nikamwonea huruma. Uso ulikuwa umemwanguka mtu mzima yule.

Clotilda alikuwa anakunja doti ya kitenge. Hakupandisha sauti.

"Baba Rachel, mimi nilikuwa naingiza laki sita kwa mwezi. Kwenye ile ishirini na tisa, hiyo yangu uliiweka wapi?"

Gaudens alimtazama, kisha akanitazama mimi.

Mteja akainama kuuliza bei. Clotilda akamgeukia, akamtajia.