Script Moja Ndani ya Fomu ya Uuguzi

Nina hasira za karibu, sikatai. Wenzangu kwenye ofisi yetu ya Nakasero, Kampala, walishanizoea: yule Mkenya wa kompyuta, ukimpelekea faili usilolielewa atakufokea kwanza, halafu atakusaidia. Kazi yangu ilikuwa kuzuia uchafu usituingilie kwa barua pepe. Mwezi ule karani wetu mmoja alikuwa amebofya kiungo cha ankara ya uongo, tukashinda siku mbili tukisafisha. Basi nilikuwa mkali kama pilipili.

Asubuhi moja, saa tano hivi, mlinzi wa getini aliingia kofia mkononi. Alikuwa polisi mstaafu kutoka kaskazini, na sote tulimwita afande. Binti yake aliomba nafasi chuo cha uuguzi, akaandika anwani ya barua pepe ya baba kwa sababu kijijini alikokuwa mtandao ni wa kubahatisha. Sasa ilikuwa imeingia PDF: fomu ya kukubali nafasi, irudishwe kabla ya saa kumi jioni siku hiyo hiyo. Isiporudi, nafasi inakwenda kwa mwingine. Simu yake ilishindwa kuifungua.

"Madam, mimi natuma kwako. Wewe nafungua, basi."

"Hakuna cha basi, afande. Kaa hapo."

Nilikuwa na laptop kuukuu ya kazi hizo tu. Nikalipakua faili humo bila kulifungua, nikazima Wi-Fi, nikaendesha programu inayosoma matumbo ya PDF na kuhesabu maneno ya hatari. Sehemu zilizobanwa nikazibanua kwanza, maana ubaya hupenda kujificha humo. Majibu: kiungo kimoja, script moja ya JavaScript, yaani vijiamri ambavyo wezi hupenda kuvitumia kuingiza virusi. Halafu nikamtazama mtumaji kwenye simu ya afande. Anwani ya bure, si ya chuo, na badala ya "registrar", yaani msajili, imeandikwa "legistrar".

Nikacheka. "Wee! Mwizi huyu hata hajui kuandika! Haraka, script, anwani ya uongo. Afande, pole, hii naifuta."

Mzee alisimama. Kwa mara ya kwanza nikaisikia sauti yake ya kambini.

"Hapana futa! Madam, hiyo si mwizi. Hiyo ni Muganda tu."

"Ati nini?"

"Hapa l na r ni ndugu moja. Wewe miaka ngapi Kampala, bado hapana sikia?"

Nilikasirika, kisha nikaona haya. Kweli, muuza nyanya wangu sokoni aliniuliza kila siku kama nataka "kiro moja", na sikuwahi kumwita mwizi. Nikarudi kwenye laptop na kufanya nilichopaswa kufanya kabla ya kucheka: nikaisoma ile script yenyewe, badala ya kuogopa jina lake. Ilikuwa mistari michache iliyofungwa kwenye kisanduku cha tarehe ya kuzaliwa, ikipanga siku, mwezi na mwaka. Hakukuwa na amri ya kujiendesha faili likifunguliwa, wala ya kuita programu nyingine, wala faili lililofichwa ndani. Kile kiungo nikakilinganisha herufi kwa herufi na tangazo la chuo ambalo afande alikuwa amelikunja mfukoni. Sawasawa.

Ilibaki ile anwani. Faili safi bado linaweza kutumwa na tapeli. Nikapiga namba iliyokuwa kwenye tangazo, si ile ya kwenye barua pepe.

"Haro, ofisi ya legistla," ilisema sauti ya mama mmoja.

Afande aligeukia ukutani mabega yakitikisika kwa kicheko. Mama yule alieleza kuwa barua pepe ya chuo ilikuwa imeharibika, akatumia yake mwenyewe. Akalitaja jina la binti na shule aliyotoka bila mimi kumdokezea. Nafasi ilikuwa ya kweli.

Kidole changu kilikuwa kimeshafika kwenye kitufe cha kufuta, na mtoto wa watu angekosa chuo kwa sababu mimi nimeona r imekuwa l.

"Afande, nisamehe."

"Wewe nachunga geti yako," alisema. "Mimi nachunga yangu."

Nikazima script kwenye programu ya kusomea, nikaifungua fomu. Kisanduku cha kwanza: jina la mwanafunzi. Nilikuwa nimeshaweka vidole tayari kuandika, yeye akaomba kiti. Alitaka kuliandika mwenyewe. Alitafuta kila herufi kwa kidole kimoja, akaibonyeza, akainua macho kuhakikisha imetokea, akaenda nyingine. Jina lina herufi tisa. Mimi, mtu wa kuwapokonya watu kibodi, nilikunja mikono nikasubiri mpaka ya tisa.